Beta kubwa si ahadi: barua kwa mwanafunzi wangu

Binti yangu,

Nimemaliza kusahihisha karatasi yako, na badala ya kukuandikia maneno mawili ya wino mwekundu pembeni nimeona nikuandikie barua. Swali la nne ndilo lililokuangusha. Ulipewa hisa mbili, moja ina beta 1.5 na nyingine 0.5, beta ikiwa kipimo cha jinsi hisa inavyotikisika soko zima linapotikisika, ukaulizwa mwekezaji atarajie nini. Hesabu zako hazina kosa. Kisha chini yake ukaandika: “Kwa hiyo anayenunua hisa ya kwanza atapata faida kubwa kuliko anayenunua ya pili, mradi awe mvumilivu.” Hapo ndipo alama zilipopotea, na sentensi hiyo uliiandika pia kwenye jaribio la katikati ya muhula. Wewe si mvivu, hilo nalijua. Unaamini jambo ambalo kanuni haikulisema, na usipoliona lilipojificha utaendelea kukosa maswali unayoyaweza.

Tuanze na kanuni yenyewe, ile inayoitwa CAPM, kama ulivyoiandika:

```
E(Ri) = Rf + βi × [E(Rm) − Rf]
```

Ri ni mapato ya hisa yenyewe na βi ni beta yake. Rf ni riba isiyo na hatari, ambayo sisi hapa Nairobi tunaichukua kwenye bili za Hazina, yaani mikopo ya muda mfupi ya serikali. Rm ni mapato ya soko zima la hisa. Tofauti ya hivyo viwili tunaiita ziada ya soko, yaani kile ambacho wenye hisa wanatumaini kulipwa juu ya riba ya bili kwa kukubali kutikiswa. Sasa iangalie ile E. Imesimama upande wa kushoto, imesimama tena ndani ya mabano, na wewe kuanzia mstari wa pili wa hesabu zako umeidondosha kana kwamba ni pambo. E ndiyo inayobeba kanuni yote. Maana yake ni wastani wa kila kinachoweza kutokea, kila tokeo likipewa uzito kwa kadiri linavyowezekana, na wastani huo unapigwa leo, kabla lolote halijatokea. Kanuni hii, ambayo William Sharpe aliichapisha mwaka 1964, inaeleza watu wenye busara wanapaswa kutarajia nini. Kitakachoingia mfukoni mwa mtu mwakani haikigusi.

Ukitaka kueleza kilichotokea kweli, unaandika mlinganyo mwingine:

```
Ri − Rf = αi + βi × (Rm − Rf) + ei
```

Hapa E haimo. Rm ni mapato ambayo soko liliyatoa mwaka huo, hata kama yalikuwa hasara. Ile ei ni mambo ya kampuni yenyewe: mkurugenzi kajiuzulu, kiwanda kimeungua, mshindani kafungua duka jirani. Kwa muda tuyaweke kando hayo, tuchukue pia kwamba alfa, yaani ziada ya hisa ambayo beta haiielezi, ni sifuri, halafu tutoe mapato ya hisa ya beta 0.5 kwenye mapato ya hisa ya beta 1.5. Kinachobaki ni hiki: (1.5 − 0.5) × (Rm − Rf), yaani Rm − Rf peke yake. Kwa hiyo hisa ya beta kubwa huishinda ya beta ndogo pale tu soko linapozishinda bili za Hazina. Soko likishindwa na bili, beta kubwa ndiyo inayoumia zaidi, tena kwa kiasi kile kile ambacho ingefaidi kama mambo yangekwenda upande mwingine. Tanga kubwa hulipeleka jahazi mbio kuliko tanga dogo, lakini tanga halichagui upepo.

Usipite mstari huo haraka. Sikusema “soko likipanda.” Nimesema soko likizishinda bili. Katika nchi ambayo riba ya bili ni asilimia 1 tofauti hiyo ni ndogo, na vitabu vingi tunavyotumia darasani viliandikwa kwa nchi za namna hiyo. Kwetu bili zimewahi kulipa zaidi ya asilimia 15. Soko likipanda kwa asilimia 8 mwaka kama huo, magazeti yataandika kwamba limefanya vizuri, ilhali mwenye beta 1.5 amebaki nyuma ya mwenye beta 0.5, na wote wawili wamebaki nyuma ya aliyenunua bili akalala.

Sasa tupige hesabu kwa miaka unayoikumbuka. Fahirisi ya hisa zote za Soko la Hisa la Nairobi, ambayo kwenye skrini unaiona kama NASI, ilifunga mwaka 2022 ikiwa karibu na 127. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu na 92. Mwisho wa 2024 ilikuwa imerudi karibu na 123. Kwa maneno mengine soko lilianguka kwa takriban asilimia 28 mwaka wa kwanza, likapanda kwa takriban asilimia 34 mwaka wa pili. Bili za Hazina nazo zilikuwa zikipanda: za siku 91 zilianza 2023 zikilipa zaidi kidogo ya asilimia 9 na zikaumaliza mwaka karibu na 16. Ili hesabu isitusumbue, tuseme riba isiyo na hatari ilikuwa asilimia 10 kwa 2023 na asilimia 16 kwa 2024. Fahirisi haihesabu gawio, kwa hiyo mapato halisi ya soko yalikuwa bora kidogo kuliko haya. Hilo halibadilishi tunachokitafuta.

Chukua shilingi 100,000 uziweke kwenye kapu la hisa lenye beta 1.5, na 100,000 nyingine kwenye kapu la beta 0.5. Makapu haya ni ya kubuni, yanafuata beta zao bila ei yoyote.

Mwaka 2023, soko likitoa −28 na bili 10, ziada ya soko ni −38. Beta 1.5 inapata 10 + 1.5 × (−38), ambayo ni −47. Beta 0.5 inapata 10 + 0.5 × (−38), ambayo ni −9. Mwaka unaisha kapu la kwanza lina shilingi 53,000, la pili lina 91,000.

Mwaka 2024, soko likitoa 34 na bili 16, ziada ni 18. Beta 1.5 inapata 16 + 27, yaani asilimia 43. Beta 0.5 inapata 16 + 9, yaani asilimia 25. Ukiutazama mwaka huo peke yake utasema sentensi yako ilikuwa kweli: beta kubwa imeshinda, tena kwa mbali. Lakini asilimia 43 ya 53,000 inakufikisha 75,790. Asilimia 25 ya 91,000 inakufikisha 113,750.

Hapo kuna mambo mawili yaliyofungamana, nami nataka uyatenganishe, kwa sababu mtihani wa marudio unaweza kuuliza moja bila jingine. La kwanza tumeshalisema: kwa miaka hiyo miwili ikichukuliwa pamoja, soko lilishindwa na bili. La pili ni la hesabu tupu. Kapu la beta 1.5 lilipoteza 47 kisha likapata 43. Wastani wa namba hizo ni −2 kwa mwaka, na mtu akisoma wastani huo ataona hasara ndogo. Ukweli ni kwamba karibu robo ya mtaji imekwenda. Aliyepoteza asilimia 47 anahitaji kupata karibu asilimia 89 ili arudi alipoanzia, na 43 haifiki hata nusu ya hapo. Kadiri mtikisiko unavyokuwa mkubwa, ndivyo pengo kati ya wastani wa kila mwaka na pesa zilizobaki linavyopanuka. Beta kubwa huleta mtikisiko mkubwa, na pengo hili huja nao hata pale ambapo wastani wenyewe ni mzuri. Jaribu soko linalopanda kwa 20 kisha likashuka kwa 20: shilingi 100 zinabaki 96. Kwa aliyezidisha mwendo huo mara mbili, 100 zinakuwa 140, kisha 84.

Najua utakachonijibu, maana ulikigusia kwa maneno yako “mradi awe mvumilivu.” Utasema miaka miwili ni michache, mtu akikaa muda mrefu ile E itatimia. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaifuta kwa mkono. Hebu tuipime. Tuseme ziada ya soko inayotarajiwa ni asilimia 6 kwa mwaka, na mtikisiko wake, yaani mkengeuko kutoka kwenye wastani, ni asilimia 20. Hizo si namba za ajabu kwa soko la hisa. Ukitumia jedwali la mgawanyo wa kawaida ulilonalo nyuma ya kitabu, uwezekano wa soko kushindwa na bili katika mwaka mmoja ni karibu asilimia 38. Kwa wastani wa miaka mitano ni karibu asilimia 25. Kwa wastani wa miaka kumi bado ni karibu asilimia 17, au mara moja katika kila mara sita. Miaka kumi ya uvumilivu wa mtu mwenye beta 1.5, na bado mara moja katika sita anatoka akiwa nyuma ya jirani yake aliyechukua bili. Uvumilivu unapunguza uwezekano wa kushindwa. Kuumaliza hauwezi.

Na ingekuwa ajabu kama ungeumaliza. Fikiria kidogo: kama kila mtu angejua kwa yakini kwamba beta 1.5 itamlipa zaidi ya beta 0.5, nani angeinunua ile ya pili? Watu wote wangekimbilia ya kwanza, bei yake ingepanda leo, na aliyeinunua kwa bei hiyo ya juu angebaki na mapato madogo mbele yake. Ziada ipo kwa sababu inaweza isije. Ukiiondoa hatari ya kukosa, umeiondoa na sababu ya kulipwa.

Mpaka hapa nimekuwa nikikubali kwamba kanuni ni sahihi, kwamba E ya beta kubwa kweli ni kubwa. Sasa nikupeleke hatua moja mbele, ambayo wengi wa darasa lako hawakuifikia. Watafiti waliipima kanuni hii kwa hisa za Marekani, na hata kwenye wastani wa miaka mingi mstari haukutoka kama ulivyochorwa. Mwaka 1972 Fischer Black, Michael Jensen na Myron Scholes walionyesha kwamba mstari unaounganisha beta na mapato ulikuwa umelala kuliko nadharia inavyodai: hisa za beta ndogo zilitoa zaidi ya zilivyotakiwa, za beta kubwa zikatoa pungufu. Mwaka 1992 Eugene Fama na Kenneth French wakatazama miaka ya 1963 hadi 1990, na wakakuta kwamba ukishatenga ukubwa wa kampuni, beta karibu haielezi chochote kuhusu wastani wa mapato. Kisha mwaka 2011 Malcolm Baker, Brendan Bradley na Jeffrey Wurgler wakaligeuza suala hilo kuwa pesa. Walizigawa hisa za Marekani katika makundi matano kwa beta. Dola moja iliyowekwa kwenye kundi la beta ndogo kabisa Januari 1968 ilikuwa imefika dola 60.46 Desemba 2008. Dola moja kwenye kundi la beta kubwa kabisa ilikuwa imefika dola 3.77, na ukiondoa mfumuko wa bei ilikuwa imebaki senti 64. Miaka arobaini na moja, na mwenye beta kubwa hakurudisha hata thamani ya dola yake.

Kwa nini? Maelezo ninayoyaamini zaidi ni yale aliyoyaanzisha Black. Nadharia inamchukulia kila mtu kuwa anaweza kukopa kwa riba isiyo na hatari. Mtu wa namna hiyo akitaka mapato makubwa, angeshika hisa za soko zima na kukopa ili aongeze kiasi. Lakini wengi hawawezi kukopa hivyo. Mifuko mingi ya pensheni hairuhusiwi kukopa, na mimi na wewe tukienda benki hatutapewa mkopo kwa riba ya bili za Hazina. Basi mwenye hamu ya mapato makubwa asiye na mkopo hufanya nini? Hununua hisa zenye beta kubwa, akitumaini zitamfanyia kazi ya mkopo. Wakiwa wengi wa hivyo, bei za hisa hizo hupanda kupita kiasi, na mapato yanayotarajiwa huliwa tangu siku ya kununua. Andrea Frazzini na Lasse Pedersen waliirudia hoja hii mwaka 2014, wakaona mwendo huo huo katika masoko mengi ya dunia, na si ya hisa peke yake.

Tafadhali usiigeuze sasa ukaandika kwenye mtihani kwamba beta ndogo ndiyo inayohakikisha faida. Mwaka 2024 kwenye mfano wetu, beta ndogo iliachwa kwa asilimia 18. Ningeikata alama sentensi hiyo kama nilivyoikata ya kwanza.

Limebaki jambo moja, nalo ni namba yenyewe. Katika zoezi ulichukua bei za mwisho wa mwezi kwa miaka mitano, ukapata mapato 60 ya hisa na 60 ya fahirisi, ukaandika kwenye lahajedwali:

```
=SLOPE(C2:C61,B2:B61)
```

C ikiwa hisa, B ikiwa soko. Mpangilio ni sahihi. Ikatoka 1.5 na ukaiamini kana kwamba ni urefu uliopimwa kwa futi kamba. Lakini ile ei tuliyoiweka kando imerudi. Kama mambo ya kampuni peke yake yanaitikisa hisa kwa asilimia 10 kwa mwezi, na soko linatikisika kwa asilimia 5, kosa la kawaida la beta yako, yaani kipimo cha shaka iliyomo ndani yake, ni 10 ukiigawanya kwa zao la 5 na kipeuo cha pili cha 60, ambayo ni karibu 0.26. Ukienda makosa mawili ya namna hiyo kila upande, ulichokipata kinaweza kuwa 1.0, kinaweza kuwa 2.0. Na beta ya jana si lazima iwe ya kesho, maana kampuni hukopa, hulipa madeni, hubadilisha biashara.

Kwa masoko yetu kuna shida zaidi ya hiyo. Hisa nyingi za Nairobi hupita siku bila kuuzwa, na za Dar es Salaam vilevile. Hisa isiyouzwa inabaki na bei ya zamani wakati fahirisi inasogea, kwa hiyo inaonekana haifuatani na soko na beta yake inatoka ndogo kuliko ilivyo. Tazama Kenya Airways: hisa zake zilisimamishwa kuuzwa kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025. Mtu akijaza safu yake kwa bei ile ile ya mwisho, mapato ya kila mwezi yanakuwa sifuri na SLOPE inamletea beta sifuri, kana kwamba shirika la ndege lenye madeni ni salama kama bili ya Hazina. Ukitaka kujua kama umeingia mtego huu, usianze na beta. Fungua safu ya kiasi kilichouzwa na uhesabu siku zenye sifuri. Zikiwa nyingi, tumia mapato ya mwezi badala ya siku, au ongeza mapato ya soko ya kipindi kilichotangulia kwenye mlinganyo na ujumlishe beta zote mbili.

Na jiulize soko unalopimia ni lipi. Kuna miaka ambayo Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote la Nairobi. Beta dhidi ya NASI katika miaka hiyo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kipimo cha jinsi hisa inavyotembea na Safaricom. Benki ndogo yenye beta 0.5 kwa kipimo hicho inaweza kuwa inatikiswa vikali na ukame, mikopo mibovu na siasa, mambo ambayo kwa kampuni ya simu yana uzito mwingine.

Kwa marudio nataka uliandike upya swali la nne. Acha hesabu zako kama zilivyo. Badala ya sentensi yako ya mwisho, andika mistari mitatu: hisa ya beta 1.5 inatarajiwa kutoa nini na kwa masharti gani; ni mwaka wa namna gani itashindwa na ya 0.5; na kama 1.5 ingekuwa kweli 1.1, jibu lako lingebadilikaje. Halafu chukua 2022, ambapo NASI ilitoka karibu na 166 hadi 127, iongeze mbele ya miaka yetu miwili ukitumia asilimia 8 kwa bili, na uniletee makapu yote mawili yalipofika. Nipo ofisini Jumatano baada ya saa nane mchana. Njoo na karatasi yenye hesabu, hata kama hujafika mwisho.

Mwalimu wako